Kuzima plagini si kuifuta: tusafishe saiti zetu kabla mwengine hajaingia

Hapa Kivu Kusini redio za jamii, mashirika ya raia na hata makanisa mengi yana saiti za WordPress. Nyingi zilitengenezwa na kijana mmoja mwenye kujua odinateri. Alilipwa dola zake, akaenda Kampala au Kinshasa kutafuta maisha, saiti ikabaki. Leo nataka kusema jambo ambalo wenye saiti hizo hawalikubali kwa urahisi: ile plagini mliyoizima haijaondoka. Na yule fundi aliyeacha kazi miaka mitatu iliyopita, ndani ya saiti yenu bado ana nguvu sawa na za mkurugenzi.

« Hatuitumii tena, tuliizima. » Jibu hilo ninalisikia kila mara. Tuangalie basi kuzima ni nini. Ukienda kwenye Extensions na kubonyeza Désactiver, WordPress inaacha tu kuiita plagini hiyo wakati kurasa zinafunguliwa. Faili zake zote zinabaki kwenye seva, ndani ya folda ya wp-content/plugins. Mtu anayejua anwani kamili ya faili moja anaweza kuiita moja kwa moja, na seva itaiendesha bila kuuliza kama plagini imewashwa au imezimwa. Huyo hapiti mlangoni ambako WordPress inakaa kama mlinzi. Anapita dirishani.

Mfano mzuri ni plagini ya File Manager, mwezi wa tisa 2020. Kazi yake ni kumsaidia msimamizi kushughulikia faili za saiti bila kutoka kwenye WordPress, na wakati huo ilikuwa kwenye saiti zaidi ya 700,000. Ndani yake mlikuwa faili moja ya mfano, ambayo jina lake la asili liliishia na -dist ili isiweze kuendeshwa. Watengenezaji waliibadili jina ikaishia na .php, na hapo ikawa programu hai:

```
/wp-content/plugins/wp-file-manager/lib/php/connector.minimal.php
```

Faili hiyo haikuuliza neno la siri. Mtu yeyote duniani aliweza kuitumia kupandisha faili yake mwenyewe kwenye seva, kisha akaiita faili hiyo, na saiti ikawa yake. Toleo la 6.9, lililotoka tarehe 1 mwezi wa tisa 2020, liliziba tundu hilo. Lakini angalia vizuri: faili ile iliitwa yenyewe, bila WordPress kuamka. Kwa hiyo aliyekuwa ameizima plagini hiyo bila kuifuta alikuwa na tundu lile lile kama aliyeiwasha.

Kwa upande wa themu ni hivyo hivyo. Mwaka 2011 kuna faili iliyoitwa timthumb.php, ya kupunguza ukubwa wa picha, ambayo ilikuwa imetiwa ndani ya themu nyingi. Ilikubali kuchukua picha kutoka saiti chache zinazoaminika, lakini ilikagua vibaya: ilitosha jina la saiti inayoaminika lionekane mahali popote ndani ya jina la saiti ya mwizi. Hivyo mwizi aliifanya ichukue programu yake badala ya picha na kuiweka kwenye seva. Themu iliyolala kwenye folda, ambayo hakuna msomaji aliyewahi kuiona, ilitosha.

Mimi ninaona kitu kilichozimwa kinaweza kuwa kibaya kuliko kinachotumika, kwa sababu hakuna anayekiangalia. Plagini inayofanya kazi ikiharibika, wasomaji watapiga simu. Iliyozimwa inazeeka kimya. WordPress inakuonyesha kwamba kuna toleo jipya, ndiyo, lakini nani atatumia mega zake kwa kitu asichokitumia? Halafu kuna zile themu za kulipia ambazo mtu alipewa na rafiki kwenye kile ya USB: hizo mara nyingi hazipati taarifa yoyote. Tena, plagini ikiondolewa kwenye orodha ya WordPress.org kwa sababu ya hatari, ukurasa wako wa Extensions haukuambii. Utaendelea kudhani iko sawa kwa sababu haiombi toleo jipya.

Kuna watakaosema: nani atajisumbua kuvunja saiti ya redio ndogo ya kijijini? Hakuna anayeichagua. Programu za wizi zinapita saiti baada ya saiti zikijaribu anwani kama ile niliyoandika hapo juu. Lakini akishaingia, ubaya wake kwetu si sawa na kwa muuza viatu wa Ulaya. Tangazo moja la uongo, chini ya jina la redio ambayo watu wanaiamini, kwamba kijiji fulani kwenye barabara ya taifa namba 5 kimeshambuliwa, linaweza kufanya familia zibebe magodoro usiku huo huo.

Hivi karibuni nilikaa na wenye redio moja ya jamii tukafanya kazi hiyo pamoja. Saiti yao ilikuwa na plagini 21, ambazo 12 zilizimwa. Themu zilikuwa 6. Watu wenye cheo cha Administrateur walikuwa 7, na redio nzima ina waandishi 5.

Tulianza na nakala ya akiba: faili zote pamoja na hifadhidata, tukazishusha kwenye odinateri ya redio. Usiache nakala hiyo ndani ya folda ya saiti yenyewe, maana atakayekisia jina lake ataishusha pamoja na maneno ya siri yaliyomo. Kisha tulipita plagini moja moja. Ya fomu ya mawasiliano ilitusimamisha. Ilikuwa imezimwa, lakini ilikuwa imetunza ujumbe wa wasikilizaji wa miaka miwili. Kuzima hakugusi kumbukumbu, ila ukibonyeza Supprimer plagini nyingi zinafuta na kumbukumbu zake. Tulihifadhi ujumbe huo kwanza, ndipo tukafuta. Mwishoni zilibaki 9 zinazofanya kazi, na hakuna hata moja iliyozimwa.

Kwenye themu tuliacha mbili tu: ile inayotumika, na moja ya WordPress wenyewe, Twenty Twenty-Five, ili themu ya redio ikiharibika saiti iwe na pa kuegemea. Hapa kuna mtego. Ikiwa themu yako ni themu mtoto, yaani imejengwa juu ya themu nyingine, ile mzazi itaonekana kama haitumiki. Ukiifuta, saiti inavunjika. Bonyeza kwanza picha ya themu unayoitumia usome maelezo yake; kama ni mtoto, mzazi wake ametajwa pale.

Baada ya hapo tuliingia kwenye faili za seva kupitia cPanel tuone kama folda zimeondoka kweli. Huko tulikuta folda iitwayo plugins-old. Fundi wa zamani alikuwa ameibadili jina folda nzima wakati fulani saiti ilipokwama, na faili zote zilikuwa bado zinaitika kwa anwani mpya. Na folda nyingine, test, ilikuwa na WordPress kamili ya majaribio yenye msimamizi wake. Zote mbili tulizifuta. Kama hosti yako inakupa SSH na WP-CLI, amri hizi tatu zinakupa picha haraka, ingawa hazitakuonyesha folda kama hizo mbili:

```
wp plugin list --status=inactive
wp theme list --status=inactive
wp user list --role=administrator
```

Kazi ngumu ilikuwa watu. Plagini haina kinyongo ukiifuta, lakini mtu akisikia umemwondolea cheo anadhani umemshuku wizi. Katika mashirika yetu mwenyekiti anapewa Administrateur kwa heshima tu, hata kama hajawahi kuingia. Siungi mkono desturi hiyo. Administrateur anaweza kupandisha plagini yoyote, maana yake anaweza kuendesha programu yoyote kwenye saiti. Mwenye neno lake la siri anaweza hivyo pia. Wala si lazima alijue neno hilo: WordPress hutuma kiungo cha kulibadili kwa barua pepe, kwa hiyo atakayekamata sanduku la barua la zamani la mfanyakazi aliyeondoka amekamata saiti.

Je, utajuaje nani amelala? WordPress yenyewe haionyeshi mara ya mwisho mtu alipoingia. Tarehe ya makala yake ya mwisho inasaidia kidogo, lakini msimamizi anaweza kuingia bila kuandika kitu. Sisi tuliwapigia simu wote 7. Wawili walikuwa wafanyakazi wa sasa wanaohitaji cheo hicho kweli. Mkurugenzi, ambaye anasoma na kusahihisha makala tu, alishushwa kuwa Éditeur. Alinuna kidogo, kisha akakubali baada ya kuambiwa kwamba simu yake ikiibiwa saiti haitaibiwa nayo. Waandishi wawili walioacha kazi, fundi wa Kampala, na akaunti moja iitwayo admin2 isiyo na mwenyewe, hao wanne wakabaki.

Kufuta akaunti kuna swali moja la kujibu kwa uangalifu. WordPress inauliza makala ya mtu huyo yafanywe nini. Ukichagua yafutwe, yanaenda kwenye Corbeille, na baada ya siku 30 yanapotea kabisa. Chagua yapewe mtu mwengine. Kasoro yake ni kwamba makala zitaonyesha jina la huyo mpya, na mwandishi ana haki ya jina lake. Kwa hiyo waandishi wawili hatukuwafuta. Tuliwashusha kuwa Abonné, tukabadili maneno yao ya siri, na kwenye kurasa zao za wasifu tukaondoa Mots de passe d'application, kwa sababu hizo haziondoki kwa kubadili neno la siri la kawaida. Fundi na admin2 tuliwafuta.

Sipendi mtu adhani kufuta kunamtoa mwizi aliyekwisha kuingia. Mwenye kuingia huacha faili yake mahali pengine, mara nyingi kwenye wp-content/uploads, folda ambayo kwa kawaida ni ya picha na sauti. Ukikuta humo faili za .php usizozijua, mbali na index.php tupu ambazo plagini fulani huweka, simama uite fundi. Vilevile linganisha hesabu: juu ya orodha ya watumiaji ikiandikwa wasimamizi 3, na wewe unahesabu 2 tu kwenye orodha, kuna mtu amefichwa. Kwa redio ile hesabu ililingana, na ukurasa wao wa Extensions sasa unasomeka bila kushusha skrini.