Salamu kwa Mwenye Kulia

Salamu zetu za pwani ni ndefu. Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Njema. Watoto hawajambo? Hawajambo. Mazoea yetu yaruhusu jibu la kheri tu, hata kama nyumba yaungua. Kwa hiyo twaona kuwa salamu hizi hazimfai mwenye kulia. Mwanamke aliyeingia uani na uso umerowa, akiulizwa habari za nyumbani, ama aitikie "njema" na moyo wajua si kweli, ama aimwage siri yake papo hapo mlangoni, watoto wakisikiliza.

"Assalamu alaykum" haina swali ndani yake. Ni dua, na jibu lake ni dua. Hata mwenye kwikwi aweza kuitikia kwa sauti ya chini, asidanganye wala asijifichue. Baada yake yatosha kusema, "Karibu dadangu, keti."

Bibi Aisha (r.a.) alipozuliwa uongo, yeye mwenyewe asimulia kuwa alilia usiku na mchana, wazazi wake wakiwa kando yake. Mwanamke mmoja wa Kiansari akaomba ruhusa ya kuingia, akaruhusiwa, akaketi akalia pamoja naye. Katika simulizi hiyo hakutajwa jina lake wala neno alilosema. Wakiwa katika hali hiyo akaingia Mtume (s.a.w.), akatoa salamu, akaketi, kisha ndipo akazungumza.

Basi jirani akija adhuhuri na machozi, mkalishe ubavuni, si uso kwa uso, kwani kutazamwa humzidishia haya. Watoto watumwe nje. Maji yawekwe karibu naye bila ya kumhimiza anywe. Tena tuliache neno "nyamaza". Twalisema kwa huruma, lakini ni amri, na mara nyingi mtu huitii: huyazuia machozi na maneno pamoja.

Ataka kusema lini? Pumzi hutulia, hujifuta uso kwa ncha ya mtandio, huinua macho. Mara nyingi huanza na jambo dogo lisilohusika: joto la leo, au bei ya samaki. Hapo wengi wetu huharibu kwa kurukia, "Haya, niambie, kakufanya nini?" Aitikiwe hilo la samaki kwanza, anajaribu sauti yake. Akinyamaza tena, aulizwe mara moja tu, "Wataka kusema, au tukae tu?"

Subira hii haina nafasi palipo na damu, au mtu ashindwa kuvuta pumzi, au asema hataki kuishi. Hapo huulizwa waziwazi na kutafutiwa msaada saa ile ile.

Na akiinuka kwenda zake bila ya kusema lolote, asizuiwe mlangoni wala asiitiwe dada wa pili aje kusaidia kuuliza. Aambiwe tu, "Baada ya alasiri nipo, mlango hautafungwa."