Wito kwa wajukuu mlio mbali: bibi anasubiri sauti yako

Ndugu zangu mnaofanya kazi mbali na kwenu, nawaandikia kwa ajili ya bibi aliyenuna. Mnamjua. Zamani ukimpigia alikuita mke mwenzangu, akakuuliza mumewe umemficha wapi. Siku hizi unaamkia, anaitikia marahaba, anasema "sisi tupo," kisha simu inarudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyegombana na mtu. Ila utani umekatika, na bibi asiyemtania mjukuu wake ana jambo moyoni.

Chukueni mfano wa muuguzi kijana aliyelelewa na bibi yake Lushoto, akapangiwa kituo Mpanda, mkoani Katavi. Hapo ni kuvuka nchi karibu yote, kutoka mashariki hadi magharibi. Barua ya kazi ilimpa siku chache, akahangaika na vyeti na nauli, na bibi akaja kuzipata habari begi likiwa limeshafungwa. Umbali bibi angeusamehe. Wanawe wengine nao walitoka. Kinachomuuma ni kwamba hakuagwa.

Wengi wetu hapo hukimbilia kutuma pesa. Pesa itumwe, bibi ana sukari na sabuni ya kununua, lakini itumwe siku yake ya kawaida. Ikiingia siku moja na maneno ya kuomba radhi, ataiona kama fidia, na bibi wa aina hii hafidiwi.

Mtumie ujumbe wa sauti. Maandishi atasomewa na mtu, na mtu huyo atayasoma kwa sauti yake mwenyewe. Kama bibi ana kitochi, mwombe binamu mwenye simu kubwa ampelekee, amwekee sikioni, kisha atoke nje. Ujumbe ukichezwa barazani mbele ya majirani, bibi atajibu kwa ajili ya majirani. Na kama mmeongea Kisambaa maisha yote, ongea Kisambaa. Dakika mbili zinatosha. Yule muuguzi angeweza kusema hivi:

"Shikamoo bibi. Ni mimi mke mwenzio, nimekaa peke yangu, sina haraka. Bibi, najua umeumia, na una haki. Umenilea wewe, halafu safari yangu ukaisikia mwishoni kama mgeni. Nisamehe. Sikukukimbia. Huku kazini nawapima presha bibi za watu, na kila nikimfunga mmoja kile kitambaa mkononi nawaza, wa kwangu anapimwa na nani? Nimeomba likizo mwezi wa tatu, tupande maharage pamoja, mbegu usizimalize. Ruhusa ikitoka nitakupa tarehe. Isipotoka nitakwambia mwenyewe, hutasikia kwa mtu. Sasa nakuaga, bibi, ingawa nimeshafika. Niruhusu, uniombee."

Angalieni yasiyokuwemo. Hajasema maisha ni magumu, wala hajamwambia bibi aelewe. Hajasema "nitakuja karibuni," neno ambalo wazee wetu wamelisikia mpaka wamelichoka. Ametaja mwezi, akataja kazi itakayowakutanisha, na akaacha nafasi ya bibi kutoa kitu ambacho hakuna mwingine awezaye kukitoa: ruhusa.

Huo mwezi una hesabu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Sheria hiyohiyo inatoa siku 4 za ruhusa yenye malipo mtu anapofiwa na bibi au babu. Za kumzika zimeandikwa. Za kukaa naye jikoni akiwa hai utazitoa mwenyewe kwenye zile 28, na usipoziomba mapema, wenzako kazini watakuwa wameshaichukua Machi yote.

Usitegemee jibu siku hiyo. Huenda akanyamaza, huenda akamtuma binamu aseme "nimesikia," basi. Usimsukume. Mpigie siku ileile kila wiki, hata kama maongezi ni mafupi. Siku atakayokuuliza huko mnakula nini, au akakutukana kwa utani, jua mlango umefunguka.

Kuna nuno ambalo sauti peke yake haitaliondoa. Wakati mwingine chini ya lawama kuna hofu: usiku nikiugua, nani atanipeleka hospitali? Hilo halijibiwi kwa maneno matamu. Tafuta jirani au ndugu aliye karibu, mkubaliane kabisa, mwachie namba yako na nauli ya bodaboda, ndipo umtajie bibi jina la mtu huyo.

Basi, wewe unayesoma haya ukiwa Mpanda, Mtwara, Nairobi au Maskati: jioni ya leo funga mlango, bonyeza kitufe cha kurekodi, umwamkie bibi yako. Na kesho asubuhi peleka fomu ya likizo.