Usinitumie Maganda

Kuna uongo mdogo ndani ya brauza zetu na tumeuzoea. Ukibonyeza `Ctrl+S` kwenye Chrome, unaambiwa utahifadhi `Webpage, Complete`, yaani ukurasa mzima. Mzima wapi? Unachopata ni vitu viwili: faili ya HTML yenye maandishi, na folda kando yake yenye picha na mpangilio wa ukurasa. Vitenganishe hivyo viwili, umebaki na maganda.

Na sisi huvitenganisha kila siku. Hapa Eldoret msee anaingia saiba, anahifadhi ukurasa, halafu anautupa kwa grupu ya darasa. WhatsApp inatuma faili, haitumi folda. Basi darasa zima linapokea maandishi yaliyosambaratika, na palipokuwa na mchoro pana kijisanduku kitupu. Kama somo lenyewe lilikuwa mchoro wa moyo, umetuma nini hapo? Mwenye bando ataufungua ukurasa upya mtandaoni. Asiye nalo, yule uliyesema unamsaidia, ndiye anaachwa nyuma. Ndiyo maana nasema anayesambaza ana wajibu wa kuigeuza kuwa faili moja kwanza. Si hisani, ni kumaliza kazi uliyoanza.

Tuchukue ukurasa wa Eldoret kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Nikiuhifadhi kwa jina fupi, napata `eldoret.html` na folda ya `eldoret_files`. Ndani ya HTML, picha ni anwani tu:

```
<img src="./eldoret_files/picha.jpg">
```

Faili inakuambia picha iko kule, kaitafute. Kuigeuza maana yake ni kuichukua picha yenyewe, kuiandika upya kwa herufi na tarakimu, na kuipachika palipokuwa na anwani:

```
<img src="data:image/jpeg;base64,/9j/4AAQ...">
```

Bei yake ni ukubwa. Kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4, kwa hivyo picha ya KB 300 inakuwa kama KB 400. Nalipa bei hiyo bila kunung'unika, kwa sababu picha sasa haiwezi kupotea njiani.

Kazi hii haihitaji digrii. Ukiwa na programu ya monolith kwenye kompyuta, ni mstari mmoja, ukiwa ndani ya folda yenye vitu vyote viwili:

```
monolith eldoret.html -o eldoret-moja.html
```

Usiyependa kuandika amri, weka kiongezi cha SingleFile kwenye brauza, fungua `eldoret.html` folda yake ikiwa kando, kisha bonyeza alama yake. Kwenye Chrome lazima kwanza uwashe `Allow access to file URLs` katika mipangilio ya kiongezi hicho, la sivyo hakitagusa faili iliyo kwenye mashine yako.

Kisha usiamini, jaribu. Peleka faili mpya kwenye simu, zima data, ndipo ufungue. Kuzima data ndiyo siri, kwa sababu picha ambayo bado ina anwani ya mtandaoni itajivuta yenyewe na kukudanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Ukiona pengo, fungua HTML kama maandishi matupu na utafute `eldoret_files/`. Ukilipata neno hilo kwenye mstari wa picha, picha hiyo haikupachikwa. Mara nyingine kosa lilitokea mapema zaidi: kurasa nyingi hupakia picha unaposhuka tu, kwa hivyo shuka hadi chini kabla ya kuhifadhi. Ambacho hakikuhifadhiwa hakigeuzwi.

Najua mtaniambia, "Si utume PDF tu?" PDF ya kurasa za A4 kwenye simu ndogo ni mateso: unakuza, unasukuma kushoto, unarudi kulia, mstari baada ya mstari. HTML kwa kawaida hujipanga kulingana na upana wa skrini. Na MHTML, ambayo Chrome inaijua? Ni faili moja, kweli, lakini mwenye Firefox haimfungukii.

Mwingine atasema bando siku hizi ni rahisi, tusome tu mtandaoni. Mnamo 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na mtandao ukakokota Afrika Mashariki nzima. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, mtandao ukasumbua tena nchini. Siku kama hizo mwenye bando na asiye nalo wako sawa. Anayesoma ni yule mwenye faili iliyokamilika ndani ya simu.

Kwa hivyo wewe unayetuma, igeuze, ijaribu data ikiwa imezimwa, ndipo utume. Maganda baki nayo.