Mapatano ya Mtakatifu Silvestri yasomwe mpaka mwisho



Katika masomo ya amani tunayowafundisha, kiongozi wa dini huonyeshwa karibu kila mara katika hali moja: amesimama katikati ya mahasimu wawili, wao wanapeana mikono, naye anatabasamu. Tunaikataa picha hiyo. Si ya uongo, ila imekatwa mapema mno. Anayejifunza amani kwa picha hiyo atadhani kazi ya mpatanishi huisha pale wino wa sahihi unapokauka, kumbe siku hiyo ndipo shida inapoanza. Mfano tulio nao ni wetu wenyewe: mapatano yaliyotiwa sahihi Kinshasa tarehe 31 Desemba 2016, siku ya Mtakatifu Silvestri, chini ya uongozi wa Baraza la Maaskofu wetu, CENCO.

Tukumbuke chanzo chake. Katiba ya mwaka 2006 inampa rais muhula wa miaka 5 unaoweza kurudiwa mara moja tu, na kifungu cha 220 kinakataza kuigusa hesabu hiyo. Muhula wa pili wa Rais Joseph Kabila ulikuwa unafikia mwisho tarehe 19 Desemba 2016, na uchaguzi haukuwa umeandaliwa. Mazungumzo yakaitishwa, yakiongozwa na Edem Kodjo kwa niaba ya Umoja wa Afrika. Muungano mkuu wa wapinzani, uliokuwa chini ya mzee Étienne Tshisekedi, ulikataa kuingia. Maaskofu waliingia. Kisha tarehe 19 na 20 Septemba watu wakauawa Kinshasa katika maandamano, na maaskofu wakasimamisha ushiriki wao. Waliobaki mezani walitia sahihi mapatano yao tarehe 18 Oktoba, na uchaguzi ukasogezwa mpaka Aprili 2018.

Wako waliosema wakati ule kwamba mpatanishi hasusi, kwamba mtu wa Mungu anapaswa kubaki mezani hata akibaki peke yake. Sisi tunaona kinyume chake. Meza isiyo na mpinzani mkuu haikuwa meza ya mapatano, na kama maaskofu wangalibaki, kanzu zao zingalitumika kuifunika kasoro hiyo. Kwa kuwa walitoka, wapinzani waliweza kuwaamini. Na kwa kuwa walitoka bila kumtukana mtu, serikali nayo iliweza kuwarudia. Ndiyo sababu tarehe 8 Desemba pande zote mbili ziliketi katika Kituo cha Majimbo Katoliki, mbele ya Askofu Mkuu Marcel Utembi wa Kisangani, aliyekuwa rais wa CENCO, na makamu wake, Askofu Mkuu Fridolin Ambongo.

Walichokubaliana usiku ule wa mwisho wa mwaka kinaweza kusemwa kwa maneno machache. Rais atabaki mpaka mrithi wake achaguliwe, lakini hatagombea muhula wa tatu, wala katiba haitabadilishwa. Uchaguzi utafanywa kabla ya mwaka 2017 kwisha. Waziri mkuu atatoka katika muungano wa mzee Tshisekedi, na mzee mwenyewe ataongoza baraza la kufuatilia utekelezaji wa mapatano.

Sasa someni vizuri kile kipengele cha waziri mkuu, maana ndipo kidonda kilipoanzia. Maandishi yalisema kwamba waziri huyo ataletwa na wapinzani na kuteuliwa na rais. Je, wapinzani walete jina moja au majina kadhaa? Hayakusema. Jambo hilo liliachiwa mpango wa utekelezaji ambao ungeandikwa baadaye. Wapinzani wakashikilia jina moja. Upande wa rais ukadai majina matatu, ili rais apate kuchagua. Tarehe 1 Februari 2017 mzee Tshisekedi akafariki Brussels, na muungano wake ukapasuka. Mwishoni mwa Machi maaskofu walirudisha kazi waliyopewa, kwa kuona kwamba nia ya kisiasa imekosekana. Tarehe 7 Aprili rais akamteua Bruno Tshibala, aliyekuwa amekwisha kufukuzwa katika chama cha Tshisekedi. Kwa macho ya nje kipengele kilikuwa kimetimizwa, kwa kuwa waziri mkuu ametoka upinzani. Maaskofu walisema wazi kwamba jambo hilo limeupotosha mwafaka. Na mwezi wa Novemba tume ya uchaguzi ikatangaza tarehe mpya: 23 Desemba 2018.

Linganisheni na Msumbiji, mfano unaosifiwa sana katika vitabu vya masomo ya amani. Jumuiya ya Sant'Egidio, pamoja na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, iliwakalisha serikali na waasi wa Renamo mjini Roma tangu Julai 1990 mpaka tarehe 4 Oktoba 1992, zaidi ya miaka miwili. Muda huo mrefu uliwawezesha kuyaandika hata mambo madogo. Baadaye Umoja wa Mataifa ulipeleka maelfu ya askari kuyasimamia, na uchaguzi ukafanyika Oktoba 1994. Maaskofu wetu walikuwa na majuma matatu, na nyuma yao hapakuwa na mlinzi yeyote wa mapatano. Kwa hiyo tunapowasikia watu wakisema kwamba Waitalia walifaulu na Wakongomani wakashindwa, tunawauliza: nani alipewa jukumu la kuilinda ile karatasi ya Kinshasa?

Jibu ni kwamba waliojaribu kuilinda ni walei. Tarehe 31 Desemba 2017, mwaka mmodi kamili baada ya sahihi, Komite ya Walei ya Uratibu iliwaita waamini waandamane baada ya misa, wakidai mapatano yatekelezwe. Ikawaita tena tarehe 21 Januari na 25 Februari 2018. Walikwenda na rozari na matawi. Walipigwa mabomu ya machozi na risasi, wengine ndani ya viwanja vya parokia, na wako waliokufa. Mwezi wa Agosti Rais Kabila alimtaja mtu mwingine kuwa mgombea wa upande wake. Hatudai kwamba maandamano peke yake yalileta hayo, ila kipengele kile cha muhula wa tatu kilisimama, na si kwa sababu ya wino tu.

Limebaki jambo moja ambalo tunalisema kwa heshima, lakini tunalisema. Katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 CENCO ilikuwa na watazamaji wapatao 40,000. Tarehe 3 Januari 2019 ilitangaza kwamba hesabu zake zinaonyesha mshindi ni nani, ila haikumtaja. Tarehe 10 Januari tume ilimtangaza Félix Tshisekedi. Maaskofu wakasema matokeo hayo hayalingani na waliyoyakusanya, na bado hawakutaja jina. Sheria ilikuwa upande wa ukimya huo, kwa maana tume peke yake ndiyo yenye haki ya kutangaza matokeo. Wengine walihofu pia kwamba jina lingemwaga damu, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini mpatanishi na shahidi ni kazi mbili. Mpatanishi hutunza siri za pande zote mbili, la sivyo hakuna atakayemwambia lolote. Shahidi aliyetumwa kuhesabu kura ana deni kwa waliopiga kura, na waliomtuma wanangoja asome hesabu. Maaskofu walikuwa wamekwisha kuacha kiti cha kwanza tangu Machi 2017. Siku ile ya Januari walizungumza wakiwa katika kiti cha pili, kwa tahadhari ya mtu aliye bado katika kile cha kwanza, na wapiga kura walibaki na nusu ya ushahidi.