Nambari za Slaidi si Utaratibu wa Kazi

Aghalabu warsha zetu za kilimo huishia kwenye slaidi ya mapendekezo yaliyopangwa kwa nambari. Wanachama huyanakili, kisha huanza na la kwanza kwa sababu tu ni la kwanza. Maoni yangu ni kwamba nambari hizo ni mfuatano wa mawazo ya mtoa mada; kikundi kinachozitii kama ratiba hupoteza msimu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wakulima wa maembe karibu na Ishiara wanaosumbuliwa na nzi wa matunda. Slaidi inapendekeza: 1, kujenga kiwanda cha sharubati, 2, kuhamasisha wakulima, 3, kutega nzi, 4, kudumisha usafi wa shamba.

Kwanza hapana budi kila pendekezo ligeuzwe tendo. "Usafi wa shamba" si tendo. Tendo ni kuokota maembe yaliyoanguka mara mbili kwa juma na kuyafukia kina cha nusu mita, kwani funza waliomo hutoka wakajichimbia udongoni na kugeuka nzi wapya. Sasa juhudi inahesabika kwa siku za kazi na fedha za msimu mzima, si za siku ya kwanza pekee.

Kisha tupe alama, 1 hadi 5, na tugawanye manufaa kwa juhudi. Kiwanda, 5 kwa 5, kinapata 1. Mitego inapata 3 kwa 2, yaani 1.5, maana chambo cha methili-yujenoli huvuta nzi madume tu. Kuokota ni 4 kwa 2, yaani 2. Kuhamasisha ni 2 kwa 1, nako ni 2. Tazama hila ya hesabu hii: kijikazi chepesi kimelingana na kizito! Alama zikifungana, desturi ni kutanguliza chenye manufaa makubwa.

Hata hivyo, nzi hawatambui mipaka ya mashamba. Mkulima akiokota peke yake huku jirani akiacha maembe yaoze, ile 4 hushuka, labda hadi 2. Kwa hiyo kuwahamasisha majirani wanaopakana ndiko kunakotangulia, kwa kuwa pendekezo la 4 linakutegemea. Mitego hufuata. Kiwanda kingoje, kwani embe lenye funza halifai hata kwa sharubati.

Alama ziandikwe na kila mtu peke yake kabla ya kusomwa, hasa na watakaofanya kazi. Mwenyekiti akiandika juhudi 2 na mama mwokotaji 4, msitafute wastani, muulizeni. Huenda atawakumbusha kwamba maembe huanguka wakati uleule wa kuvuna ndengu, na kwamba mikono ya nyumbani ni ileile. Hapo kuokota kunabaki na 1, sawa na kiwanda, mpaka kikundi kitafute vibarua.