Usiulize "nilifanya vizuri?"

Baada ya ekspoze, wengi wetu tunamwandikia mwalimu barua pepe ya mistari miwili: asante, na naomba maoni yako juu ya jinsi nilivyojibu maswali. Mwalimu naye anajibu: vizuri, endelea hivyo. Walimu wanalaumiwa kwamba hawatoi maoni ya kutosha. Mimi naona kosa liko kwanza katika barua yenyewe, kwa sababu haimpi mwalimu kitu cha kuchunguza. Maswali yalisemwa kwa mdomo, yakapita. Yeye amesikiliza ekspoze sita mchana ule, na hakumbuki nani aliulizwa nini.

Nichukue mfano mmoja, kwa ruhusa ya mwenye nao. Mwenzangu wa darasa alizungumza juu ya kiambishi ba- katika Kiswahili cha Lubumbashi. Pale ambapo Kiswahili sanifu kinasema "watu wanakuja", mtaani tunasikia "batu banakuja". Alisema ba- hiyo imetoka katika Kiluba. Msikilizaji mmoja akauliza: "Unajuaje kwamba ni Kiluba, wala si Kibemba?" Mwenzangu akaeleza kwa dakika tatu jinsi Union Minière ilivyoleta wafanyakazi kutoka Kasai na kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Watu wakatikisa kichwa kwa kukubali, kipindi kikaisha.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika maswali kwenye daftari, kwa maneno yaleyale ya waulizaji, kama tulivyopatana kabla ya kuanza. Kwa msaada wa daftari hilo, jioni ileile aliandika hivi:

"Mwalimu, jambo. Asante kwa kutusikiliza leo. Swali la pili lilikuwa: 'Unajuaje kwamba ni Kiluba, wala si Kibemba?' Nilijibu kwa kueleza historia ya wafanyakazi wa migodi. Naona nilieleza jinsi lugha zilivyokutana, lakini sina hakika kama nilithibitisha ba- ilitoka wapi. Je, jibu langu liligusa swali? Kama halikugusa, ningesema nini kwa kifupi? Siombi alama ziangaliwe upya."

Majibu yalikuja siku ya pili, mistari minne. Mwalimu alisema historia inaonyesha kwamba wasemaji walikutana. Haionyeshi lugha ipi ilitoa kiambishi. Ba- ya watu iko katika Kiluba, katika Kibemba, katika Kisanga, hata katika Kilingala, na wataalamu wanairudisha hadi katika Kibantu cha kale. Umbo ambalo lugha zote za jirani zinalo haliwezi kutenganisha lugha hizo. Jibu fupi lingekuwa: "Kwa ba- peke yake siwezi kuchagua, ninachoweza kusema ni kwamba lugha nyingi za jirani ziliisukuma upande mmoja. Ili kuchagua ningehitaji umbo ambalo moja tu kati yao inalo."

Barua hiyo ilizaa jibu la namna ile kwa sababu ilibeba mambo matatu: swali kama lilivyoulizwa, jibu kama lilivyotolewa, na mahali pamoja penye mashaka. Angeuliza juu ya maswali yote matano, angepata sentensi moja ya jumla kwa yote. Na ule mstari juu ya alama si adabu tu. Mwalimu anayehisi kwamba anaombwa alama hujibu kwa kujilinda, na anayejilinda hasemi wazi pale ulipoteleza.

Kuna wanaosema ni afadhali kumngoja mwalimu mlangoni na kumuuliza kwa mdomo. Mlangoni ni pazuri kwa kusalimiana. Lakini pale swali linasimuliwa upya na yule aliyelijibu, naye bila kukusudia analigeuza lifanane na jibu lake. "Unajuaje?" inakuwa "ilitoka wapi?", na hapo historia ya migodi inaonekana jibu kamili. Maandishi ya mtu wa tatu yanazuia mgeuko huo. Ndiyo maana daftari lisishikwe na mwenye ekspoze: anayetafuta jibu hana nafasi ya kuandika swali.

Barua pepe ina mpaka wake. Haiwezi kumwambia mwenzangu kama sauti yake ilionyesha hasira, au kama alimkata muulizaji kabla hajamaliza. Hayo yaulizwe kwa wenzake waliokuwa wameketi ukumbini. Mwalimu aulizwe juu ya hoja.

Siku ya kutetea kazi ya mwisho, "unajuaje?" ndiyo itakayoulizwa kuliko maswali mengine yote, na pale hakuna barua ya kesho yake itakayobadilisha uamuzi. Ekspoze za darasani ndizo nafasi tulizo nazo za kujua kama tunajibu swali tuliloulizwa au lile tulilotamani kuulizwa.