Mistari saba, nafasi sita: msianze na kompyuta

Mimi hula mkate wangu kwa kuandika programu, kwa hiyo usishangae nikisema kwamba kuna somo ambalo kompyuta inalifundisha vibaya. Nazungumzia jaribio la mianya miwili, lile la kidato cha tatu ambapo mwanga unapita kwenye nafasi mbili nyembamba na kuchora ukutani mistari ya mwanga na giza. Maoni yangu ni haya: mwanafunzi wa Lindi (Lindi ya Kibera, si ile ya kusini mwa Tanzania) apewe nyembe mbili na rula kabla ya kuonyeshwa picha yoyote kwenye skrini.

Tuanze na hesabu yenyewe. Umbali kati ya mstari mmoja mwangavu na wa pili, tuuite s, unapatikana hivi:

```
s = λL/d
```

λ ni urefu wa wimbi la mwanga, L ni umbali kutoka kwenye mianya hadi ukutani, na d ni umbali kati ya katikati ya mwanya mmoja na katikati ya mwingine. Wimbi likiwa refu zaidi, mistari inaachana. Ndiyo maana leza nyekundu ya nanometa 650 inatanua mistari kuliko ya kijani ya 532. Lakini d iko chini ya mstari wa kugawanya: ukiisogeza mianya mbali, mistari inabanana. Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu akili inatarajia kwamba vitu vikiachana huku, na kivuli chake kitaachana kule.

Programu ya kuigiza jaribio hili inachora mistari sahihi daima, kwa sababu aliyeiandika alitia kanuni hiyohiyo ndani yake. Ukisukuma kitelezi cha d, mistari inabanana kwa utii. Umeona kanuni ikijithibitisha yenyewe, basi. Hakuna mahali ambapo mwanafunzi angeweza kukosea, na kwa hiyo hakuna mahali ambapo angeweza kujua kwamba amekosea.

Sasa chukua chumba cha futi kumi kwa kumi. Ukitoa nafasi ya kitanda na meza, utabaki na mita 2.5 hivi kati ya leza na ukuta. L huwezi kuiongeza, kwa hiyo kazi yote inaangukia d. Chukua kipande cha kioo safi, kipitishe juu ya moshi wa koroboi mpaka kiwe cheusi kabisa, kisha kiache kipoe. Bana nyembe mbili pamoja na uzikokote mara moja kwenye masizi, kwa mkono mwepesi. Umepata mianya miwili, na d ni unene wa wembe mmoja.

Unene huo utaujuaje bila chombo cha maabara? Panga nyembe kumi na upime bunda lote kwa rula. Utapata milimita 1 hivi, kwa hiyo wembe mmoja ni milimita 0.1. Karatasi ya daftari nayo ipime vivyo hivyo: karatasi mia, halafu gawanya kwa mia. Tuseme imetoka 0.1 pia. Sasa weka karatasi moja katikati ya nyembe mbili, chora tena kando ya mikwaruzo ya kwanza, na d imekuwa milimita 0.2.

Ukiwasha leza (isielekezwe kamwe kwenye jicho la mtu, wala kwenye kitu kinachong'aa), mikwaruzo ya kwanza itatoa mistari iliyoachana kama milimita 16. Ile ya karatasi itatoa milimita 8. Karatasi moja tu imekata nafasi kwa nusu, na mtoto ameishika karatasi hiyo mkononi. Atakumbuka d inakaa wapi kwenye kanuni.

Kuna jambo jingine ambalo ataliona. Lile doa pana la mwanga linaloibeba mistari halikubadilika, ni mistari iliyo ndani yake iliyoongezeka. Upana wa doa unatokana na upana wa mwanya mmoja mmoja, si na umbali kati yao. Ikiwa kila mkwaruzo una upana wa milimita 0.05, mianya ya 0.1 itaonyesha mistari mitatu tu katika doa la katikati, na ile ya 0.2 itaonyesha saba. Baada ya hapo mstari mmoja unapotea kila upande, kisha mingine hafifu inaanza. Pima ndani ya doa la katikati tu. Ukivuka pengo hilo ukihesabu kana kwamba hakuna kilichopotea, hesabu imeharibika.

Tuseme basi kwamba kutoka katikati ya mstari wa kwanza hadi katikati ya mstari wa saba rula inasoma milimita 49. Wanafunzi wengi watagawanya kwa saba na kupata milimita 7. Rudisha kwenye kanuni: urefu wa wimbi unatoka nanometa 560. Huo ni mwanga wa kijani! Na leza iliyo mkononi ni nyekundu.

Waandishi wa programu tunalijua kosa hili kama ndugu yetu. Ni lile la kuhesabu nguzo badala ya nafasi zilizo kati ya nguzo. Nyembe kumi zina unene mara kumi, lakini mistari saba ina nafasi sita.

```
L = 2.5
d = 0.2e-3
upana = 49e-3
mistari = 7
s = upana / (mistari - 1)
print(s * d / L * 1e9)
```

Jibu ni 653 na kitu. Nyekundu. Hapa kompyuta imekuja mwisho, kama karani, na macho yako ndiyo yaliyokuwa hakimu.

Usilisifu jibu hilo kupita kiasi. Kama unene wa nyembe na karatasi umekosewa kwa milimita 0.01, jibu linahama kwa nanometa 33 hivi. Kwa vifaa hivi utatenga nyekundu na kijani, lakini hutatenga leza ya 650 na ya 635. Pia, ukuta wa mabati una mawimbi yake: tundika karatasi ngumu iliyonyooka, inayotazamana sawasawa na leza, la sivyo mistari itatanuka upande mmoja.

Na utajuaje kwamba mistari hiyo imetokana na mianya miwili, si mkwaruzo mmoja mchafu? Ziba mwanya mmoja kwa ncha ya wembe. Mistari myembamba ikitoweka na doa likabaki, umeshinda. Thomas Young alifanya ukaguzi kama huo aliposoma kazi yake mbele ya Royal Society ya London mwaka 1803. Aliugawa mwali wa jua kwa ukingo wa kadi yenye upana wa sehemu moja ya thelathini ya inchi, na alipozuia mwanga wa upande mmoja, mistari ndani ya kivuli ilitoweka. Mwali wake uliingia kupitia tundu dogo dirishani. Matundu ya namna hiyo kwenye mabati ya Lindi hayana idadi.

Kwa hiyo walimu wa tuisheni, mkiwa na saa moja tu kabla umeme haujapotea, dakika hamsini ziende kwa kioo, nyembe na rula. Skrini itatosheka na kumi zilizobaki.